Ganda la Jibini Linavyotunzwa

Kwenye vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini, wafugaji hutengeneza jibini la duara linalofanana na gouda ya Kiholanzi, na wenyeji wa Goma wanalijua vizuri. Nyanda za juu kama hizo, au Njombe na Limuru, zina ubaridi unaokaribia ule ambao jibini gumu hulihitaji ili likomae: nyuzi joto 10 hadi 13. Anayeishi Dar es Salaam au Mombasa atahitaji friji ndogo ya pembeni yenye kidhibiti joto, kwa kuwa friji ya kawaida hukaa kwenye nyuzi 4 hivi, na kwa baridi hiyo jibini hukomaa polepole mno. Hata hivyo, joto ukishalipanga limekwisha. Kinachowashinda wengi wanaoanza ni unyevu.

Tuchukue jibini la kilo moja, lililotokana na lita 10 hivi za maziwa ya ng'ombe. Limeshagandamizwa na kulowekwa kwenye maji ya chumvi. Kabla ya kulihifadhi, liweke juu ya wavu mahali penye ubaridi na hewa, ulifunike kwa kitambaa chepesi nzi wasiliguse. Ligeuze asubuhi na jioni kwa siku mbili tatu, mpaka ukilipapasa usihisi majimaji. Jibini linaloingia kwenye hifadhi likiwa bichi juu huota ukungu kabla ganda halijajifunga.

Hifadhi yenyewe ni kontena la plastiki lenye mfuniko, lenye nafasi mara mbili na nusu ya jibini. Tandika wavu chini ili hewa ipite, kisha weka kipima unyevu kidogo. Tunatafuta asilimia 80 hadi 85. Vipimo vya bei nafuu hudanganya, kwa hiyo kijaribu kwanza: tia chumvi kwenye kizibo cha chupa, idondoshee maji mpaka ilowe bila kuyeyuka, kisha ifungie na kipimo ndani ya mfuko usiopitisha hewa usiku kucha. Asubuhi kinatakiwa kionyeshe 75. Kikionyesha 70, jua kwamba kila usomaji wake uongeze 5.

Katika wiki za mwanzo jibini hutoa maji lenyewe, ndiyo maana kontena hulowa kupita kiasi. Ukiona matone chini ya mfuniko, yafute na uache mfuniko wazi kidogo. Baadaye mambo hugeuka, hewa ikawa kavu. Hapo weka kikombe chenye kitambaa kibichi pembeni, kisiliguse jibini.

Sasa kugeuza. Maji yaliyomo ndani hushuka, upande wa chini ukabaki na unyevu huku wa juu ukikauka. Likiachwa hivyo, chini hulainika, hunata kwenye wavu na kuoza, na duara lenyewe hutanuka na kupoteza umbo. Ligeuze kila siku kwa wiki mbili za kwanza, kisha kila baada ya siku mbili au tatu mpaka mwezi utimie, halafu mara moja kwa wiki. Kila ukiligeuza, pangusa wavu.

Ukungu utatokea tu. Madoa ya kijivu, meupe au ya kibuluu juu ya ganda ni ya kawaida. Yasugue kwa brashi laini kavu. Yakizidi, pangusa kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi na siki kidogo, kisha acha ganda likauke kabla ya kufunika. Ganda likianza kunata na kuwa la rangi ya chungwa, unyevu umezidi. Likipasuka, hewa ni kavu mno: pandisha unyevu, na upake samli au mafuta ya zeituni kwenye ufa mapema, kwa sababu ukungu ukishapenya humo brashi haiufikii tena.

Kuna hali moja ambayo brashi haisaidii. Jibini likivimba kama mpira ndani ya siku mbili za mwanzo, au wiki kadhaa baadaye na kutoa harufu kali ya siagi iliyochacha, bakteria wanazalisha gesi ndani yake. Litupe, usilionje. Na anayeanza atumie maziwa yaliyochemshwa kwa kiwango sahihi cha kuua vijidudu, kwani kukomaza hakumhakikishii mtu kwamba vijidudu vya bruselosi vilivyokuwa kwenye maziwa mabichi vimekufa.

Miezi miwili inatosha kwa duara la kwanza. Likate katikati ulionje, kisha nusu ya pili ifunge kwa karatasi ya nta na uirudishe kwenye friji ya kawaida, maana ganda likishakatwa, jibini hilo haliwezi tena kulindwa kama mwanzo.