Makundi Matano ya Kisukari: Yalipatikanaje, na Tuyaamini kwa Kiasi Gani?

Machi 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Uswidi, miongoni mwao Emma Ahlqvist na Leif Groop, walitangaza kwamba kisukari cha watu wazima, tulichozoea kukigawa katika aina ya kwanza na ya pili, kinaweza kugawanywa katika makundi matano. Walichukua vipimo vya wagonjwa 8,980 wa jimbo la Skåne waliokuwa wamegunduliwa karibuni kuwa na ugonjwa huo, wakawapanga kwa kompyuta kulingana na jinsi wanavyofanana.

Kazi hiyo huitwa uchanganuzi wa makundi, na utafiti wa namna hii ni wa kuchunguza: mtafiti haanzi na dai analotaka kulithibitisha, bali anatafuta kama data yenyewe ina mafungu ndani yake. Hatari yake ni moja. Ukiiambia kompyuta ikugawie watu katika mafungu matano, itakupa matano, hata kama watu hao wametapakaa sawasawa kama mchele uliomwagwa sakafuni. Kwa hiyo thamani ya jibu hutegemea maamuzi aliyoyafanya mtafiti kabla ya kompyuta kuanza kazi, na majaribio aliyoyafanya baada ya kupata jibu.

Uamuzi wa kwanza ni vipimo vya kutumia. Watafiti wa Lund walichagua sita: umri wa mgonjwa alipogunduliwa, uzito wake ukilinganishwa na urefu, sukari ya damu ya miezi mitatu iliyopita, uwezo wa kongosho kutoa insulini, kiwango ambacho mwili unaikataa insulini hiyo, na kama damu ina kingamwili fulani inayoonyesha kwamba mwili unashambulia kongosho lake wenyewe. Kila kimoja kina sababu ya kitabibu. Wangeongeza rangi ya macho na urefu wa vidole, kompyuta ingevipa uzito uleule, na makundi yangekuwa mengine.

Uamuzi wa pili ni umbali. Kompyuta haijui maana ya kufanana. Inajua tu kwamba watu wawili wako karibu au mbali. Umbali unaotumika zaidi ni ule wa rula: chukua tofauti ya kila kipimo, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, kisha tafuta kipeo cha pili. Hapo ndipo kosa kubwa hujificha.

Tuchukue wagonjwa watatu wa kufikirika na vipimo viwili tu. Wa kwanza ana miaka 40 na sukari ya miezi mitatu ya asilimia 7. Wa pili ana miaka 40 na sukari ya asilimia 12. Wa tatu ana miaka 50 na sukari ya asilimia 7. Kwa namba hizo, wa kwanza yuko umbali wa 5 kutoka kwa wa pili, na umbali wa 10 kutoka kwa wa tatu. Kompyuta itawaweka wa kwanza na wa pili pamoja, ingawa daktari yeyote angeshtuka: sukari ya asilimia 12 ni hali mbaya sana, wakati tofauti ya miaka 10 ni ya kawaida. Sasa andika sukari hiyohiyo kwa kizio kinachotumika Uswidi, milimoli kwa moli. Asilimia 7 inakuwa 53, na asilimia 12 inakuwa 108. Umbali kati ya wa kwanza na wa pili umekuwa 55, na jibu limepinduka. Wagonjwa ni walewale. Kilichobadilika ni kizio tu.

Dawa yake ni kuvisawazisha vipimo. Kutoka kila namba huondolewa wastani wa wagonjwa wote, kisha tofauti hiyo hugawanywa kwa mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho watu kwa kawaida hutofautiana na wastani. Tuseme mkengeuko wa umri ni miaka 12, na wa sukari ni asilimia 2. Umbali wa wa kwanza na wa pili unakuwa 2.5, na wa kwanza na wa tatu ni 0.83. Hapo haijalishi tena umeanza na kizio gani. Watafiti wa Lund walisawazisha hivyo. Pia waliwaondoa wagonjwa wenye namba zilizokengeuka zaidi ya mara tano ya mkengeuko sanifu, kwa sababu kuzidisha tofauti kwa yenyewe humpa mtu mmoja wa ajabu nguvu ya kuvuta kundi zima upande wake.

Kingamwili ilileta shida ya aina yake, kwa kuwa jibu lake ni ndiyo au hapana, na rula haipimi vizuri jibu la namna hiyo. Walianza na njia inayoweza kuchanganya majibu hayo na namba za kawaida. Baadaye waliwatenga wenye kingamwili kuwa kundi lao, na waliobaki wakawagawa katika makundi manne kwa njia ya vitovu: kila kundi lina kitovu ambacho ni wastani wa watu wake, kila mgonjwa huenda kwenye kitovu kilicho karibu naye, vitovu hukokotolewa upya, na mzunguko huendelea mpaka asihame mtu.

Kwa nini idadi hiyo? Huo ni uamuzi wa tatu. Walitumia kipimo cha silueti, ambacho humuuliza kila mgonjwa: je, uko karibu zaidi na wenzako kuliko na majirani? Mgonjwa aliye umbali wa wastani wa 1.2 kutoka kwa wa kundi lake, na 2.0 kutoka kwa wa kundi jirani, anapata 0.8 gawanya kwa 2.0, yaani 0.4. Anayekaribia 1 amekaa mahali pake. Aliye chini ya sifuri yumo katika kundi lisilo lake. Idadi ya makundi yenye wastani wa juu ndiyo huchaguliwa. Lakini kipimo hiki kina upofu wake: hakikokotoleki pakiwa na kundi moja tu, kwa hiyo hakiwezi kamwe kukwambia kwamba makundi hayapo.

Ndiyo maana jibu likipatikana linapaswa kujaribiwa. Jaribio la kwanza ni uthabiti. Kompyuta huchota sampuli upya kutoka kwa wagonjwa walewale mara nyingi, Lund walifanya hivyo mara 2,000, na kila mara huangalia kama kundi linarudi. Kundi la watu 100 likirudi na watu 100, 90 kati yao wakiwa walewale, basi waliomo katika yote mawili ni 90, na jumla ya waliomo katika lolote kati yao ni 110. Uwiano ni 0.82. Makundi ya Lund yote yalivuka 0.8, na hicho ni kiwango kizuri.

Jaribio la pili ni watu wengine. Makundi yanayofanana yalionekana tena katika data nyingine tatu, mbili za Uswidi na moja ya Ufini. Hilo ni jambo la maana, ila wote hao ni watu wa kaskazini mwa Ulaya, na vitovu vilivyopatikana kwao haviwezi kuhamishiwa Mwanza au Mombasa bila kupimwa upya.

Jaribio la tatu ndilo gumu kuliko yote: je, makundi yanaeleza jambo ambalo halikutumika kuyaunda? Kusema kwamba kundi la wazee lina umri mkubwa kuliko mengine ni kuzunguka palepale, kwani umri ndio uliolitenga. Watafiti wa Lund waliangalia madhara yaliyokuja baadaye. Kundi ambalo mwili unaikataa sana insulini lilikuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa figo, na kundi lenye upungufu mkubwa wa insulini lilionyesha zaidi madhara ya macho. Figo na macho havikuwa miongoni mwa vipimo sita, kwa hiyo ushahidi huo una uzito.

Hata hivyo, mwaka 2019 John Dennis na wenzake wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliyarudia makundi hayo katika data ya majaribio ya dawa. Makundi yalitokea tena. Lakini walipotumia vipimo vya kawaida moja kwa moja, bila kumtia mgonjwa katika kundi lolote, walitabiri vizuri vilevile au zaidi. Umri wa kugunduliwa peke yake ulitosha kueleza kasi ya sukari kupanda, na hali ya figo mwanzoni ilitabiri ugonjwa wa figo kuliko makundi. Sababu inaeleweka: ukimwita mtu wa miaka 59 na wa miaka 75 kwa jina moja la kundi, umeitupa tofauti iliyopo kati yao.

Kwa hiyo makundi matano ya kisukari ni thabiti, yamerudiwa, na yana uhusiano na madhara ya kweli, lakini hayajathibitika kuwa magonjwa matano tofauti. Utakaposoma tena kwamba watafiti wamegundua aina mpya za ugonjwa, wateja au wanafunzi, tafuta katika maelezo yao mambo haya: vipimo vilichaguliwa kwa sababu gani, vilisawazishwaje, umbali gani ulitumika, makundi yalirudi kwa watu wengine au la, na kama yanatabiri kuliko vipimo vyenyewe. Yasipokuwepo, kilichotangazwa ni mgawanyo, si ugunduzi.