Kunasua pampu iliyogandia kisimani

Wananchi wanaochota maji kwenye visima virefu huuliza kwa nini mafundi huchukua siku mbili au zaidi kutoa pampu ambayo, kwa kuitazama, ingevutwa kwa gari ikatoka. Jibu limo katika nafasi iliyopo kati ya pampu na ukuta wa kisima. Pampu ya inchi 4 ndani ya bomba la kisima la inchi 5 huachiwa upenyo usiozidi unene wa kidole. Maji magumu, kama yale ya visima vingi vya Dodoma, yanapopashwa joto na mota huacha chokaa, ileile inayoganda ndani ya birika. Miaka ikipita, gaga hilo huziba upenyo na pampu ikashikamana na ukuta.

Tuchukulie pampu inayoning'inia mita 60 chini kwa bomba la chuma la inchi 2. Bomba lenyewe lina uzito wa takribani kilo 300, maji yaliyomo kilo 130, na pampu pamoja na waya kilo 40 hivi. Jumla ni kilo 470. Baada ya kukata umeme, fundi hufunga mizani kati ya winchi ya mnyororo na bomba. Mizani ikipita kilo 700 na bomba halijasogea, huo si uzito tena, ni gaga. Akizidi kuvuta, bomba hukatika kwenye maungio yaliyoliwa na kutu, pampu hubaki chini, na kijiji huenda kikalazimika kuchimba kisima kingine. Gari halina mizani, na hapo ndipo hatari yake ilipo.

Fundi huacha bomba likiwa limekazwa kiasi, kisha hulipandisha na kulishusha sentimita chache, mara nyingi, bila pupa. Akilizungusha, hulizungusha upande wa kukaza tu, kwa maana upande wa pili hufungua maungio huko chini. Waya wa umeme hauvutwi kamwe, bali hupanda pamoja na bomba.

Isipolegea, hutumika asidi. Kwanza kipande cha gaga kutoka kisimani hutiwa ndimu: kikitoa povu ni chokaa, nayo asidi itakiyeyusha. Gaga jekundu lisilotoa povu ni la chuma, na kwa hilo asidi peke yake haitoshi. Asidi hushushwa kwa mpira mwembamba hadi usawa wa pampu, si kumwagwa mdomoni mwa kisima, ikaachwa usiku kucha. Hewa itokayo huondoa pumzi, kwa hiyo watoto na mifugo huwekwa mbali, na hakuna anayeinamia kisima. Dawa ya klorini haiwekwi wakati huo, kwani ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu.

Asubuhi winchi hukazwa tena. Mizani ikishuka ghafla kuelekea kilo 470 huku bomba likipanda, pampu imenasuka. Maji ya kwanza baada ya kufunga pampu humwagwa mbali na bustani na malisho, na kituo hakifunguliwi mpaka vipimo vionyeshe kuwa uchachu wa asidi umekwisha.