Mtoto anaruka mistari? Pima karatasi kabla ya kumgombeza

NILIKUWA barazani kwa mama mmoja hapa Miono, mkoani Pwani, alipomwita binti yake wa darasa la kwanza aje anisomee. Mtoto akashika karatasi ya mazoezi, akaweka kidole, akasoma "Mama anauza", kisha akaangukia mstari wa chini na kumalizia "maji kisimani".

"Unaona, dada?" mama akaniambia. "Macho haya yana kitu. Na kila siku namgombeza."

Nikaomba rula.

Karatasi ile ilikuwa fotokopi. Kurasa mbili za A4 zilikuwa zimepunguzwa zikaingia kwenye karatasi moja, bila shaka ili kuokoa gharama. Ukipunguza hivyo, herufi ya pointi 12 inabaki kama pointi 8 na nusu. Herufi "a" haikufika milimita moja na nusu kwa kimo. Mimi mwenyewe niliisogeza karibu na uso.

Hata hivyo, udogo haukuwa tatizo pekee. Mistari ilibanana kiasi kwamba nafasi kati ya mstari na mstari ilikaribia kulingana na nafasi kati ya neno na neno. Msomaji mzoefu hupita hapo bila shida. Mtoto anayeanza husumbuliwa zaidi na herufi zilizosongamana: herufi za jirani humchanganya hata kama kila moja anaijua ikiwa peke yake. Isitoshe, mistari miwili iliyofuatana ilianza na maneno yaleyale, "Mama ana": mmoja "Mama anauza mananasi sokoni", mwingine "Mama anachota maji kisimani". Jicho likitoka kwenye neno moja, linarudi mahali pasipo pake.

Tulijaribu hivi. Nilikata kidirisha kwenye jalada la daftari kuukuu, upana wa mstari mmoja tu, nikakiweka juu ya karatasi ileile. Herufi hazikukua hata kidogo, lakini binti alisoma sentensi nne bila kuruka. Hapo mama akanyamaza. Mtoto akiacha kuruka kwa kidirisha, shaka ya kwanza iwe kwenye mpangilio wa mistari.

Kisha ikaja picha. Nanasi lilichorwa ubavuni mwa neno "mananasi". Huku kwetu, kwa jirani zetu wa Kiwangwa hasa, hakuna mtoto asiyelijua nanasi. Binti akatazama picha, akatamka "nanasi". Neno kwenye karatasi lilikuwa "mananasi". Nilipofunika picha kwa kiganja, alianza kuunganisha: ma-na-na-si. Kumbe alikuwa akisoma mchoro, na alama ya vema angeipata kwa urahisi kama mwalimu ana wanafunzi wengi wa kusikiliza.

Sisemi picha ziondolewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walichapisha mwaka 2020 utafiti uliohusu watoto wanaoanza kusoma. Walipoondoa kwenye vitabu michoro ya ziada isiyohusu hadithi, watoto walihamisha macho kutoka kwenye maandishi mara chache zaidi na walielewa vizuri zaidi. Picha moja inayohusu habari inatosha. Iwekwe juu ya maandishi yote au chini yake, isikatize sentensi, na isiwe kivuli nyuma ya maneno. Kivuli hicho watu wengi hukipenda kwa mapambo. Kikipita kwenye fotokopi kinakuwa ukungu.

Tuliiandika upya karatasi ile kwa mkono. Sentensi 14 zikawa 5. Herufi ndogo zilikuwa na kimo cha milimita 4 hivi, na tuliruka mstari mmoja wa daftari kila baada ya sentensi. Sentensi mbili za "Mama ana" tulizitenganisha. Picha ilikaa chini kabisa.

Mwenye kompyuta aanzie pointi 20 hadi 24, na nafasi ya mistari moja na nusu. Ipo fonti ya bure ya shirika la SIL iitwayo Andika, jina lililotokana na Kiswahili chetu, iliyotengenezwa kwa ajili ya wanaojifunza kusoma. "a" yake ni ya duara na mkia, kama mtoto anavyofundishwa kuiandika. Mwanzo wa mistari upangwe sawa kushoto, mwisho uachwe ulivyo. Ukilazimisha pande zote mbili zilingane, maneno yetu marefu huacha mapengo katikati ya sentensi.

Karatasi haitibu macho. Kama hata kwenye herufi kubwa mtoto anaisogeza karibu na pua, anainamisha kichwa upande, anafumba jicho moja au anayafikicha kila mara, mpeleke akapimwe macho. Binti huyu hakufanya hivyo. Alisoma sentensi zote tano, akageuza karatasi kutazama kama nyuma kuna nyingine.