Ngazi Moja, Dakika Tatu: Moyo Wako Unasemaje?

Stamina ya mtu ni uwezo wa moyo, mapafu na misuli kupokea na kutumia oksijeni. Hospitalini hupimwa kwa mashine, lakini nyumbani ngazi moja inatosha kukupa makadirio.

Tafuta ngazi au boksi imara lenye kimo cha sentimita 30. Weka simu ipige mdundo mara 96 kwa dakika, na kila mdundo uwe hatua moja: mguu juu, wa pili juu, mguu chini, wa pili chini. Hivyo utapanda mara 24 kwa dakika. Endelea kwa dakika tatu, kisha keti mara moja. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, na uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Usikawie kuanza, kwa sababu mapigo hushuka haraka na ukichelewa utajiona una stamina kuliko ulivyo.

Hesabu hiyo ina mambo mawili ndani yake: moyo ulipanda kiasi gani, na unashuka kwa kasi gani. Ili uyatenganishe, andika pia mapigo ya sekunde 15 za mwanzo, kisha hesabu sekunde 15 nyingine baada ya dakika kutimia. Zidisha kila moja kwa nne.

Tuseme mama wa miaka 42 amepata 34 mwanzoni na 27 baadaye, yaani 136 na 108. Mapigo yameshuka 28. Baada ya miezi miwili ya kutembea kwa kasi anapata 31 na 24, yaani 124 na 96. Yameshuka 28 vilevile, lakini asivunjike moyo. Kazi ni ileile, ila sasa moyo unaifanya kwa mapigo machache, kwa kuwa kila pigo linasukuma damu nyingi zaidi. Jumla ya dakika nzima nayo imepungua, kutoka 124 hadi 110. Hapo ndipo maendeleo yake yanapoonekana.

Kushuka kwenyewe kunaonyesha jinsi neva ya vagasi, ambayo ndiyo breki ya moyo, inavyorudi kazini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulihusisha kushuka kwa mapigo 12 au pungufu katika dakika ya kwanza na hatari kubwa zaidi ya kifo. Lakini wale walipimwa kwa mazoezi mazito hospitalini, kwa hiyo usijihukumu kwa kipimo hicho baada ya ngazi ya nyumbani.

Kukosea pigo moja katika sekunde 15 huleta tofauti ya mapigo manne, basi tofauti ndogo isikushughulishe. Joto, kahawa na usingizi mchache hupandisha mapigo. Dawa za presha kama atenololi huyazuia yasipande, na hapo kipimo hupotosha. Rudia kwa ngazi ileile, saa ileile. Mwenye ugonjwa wa moyo amwone daktari kwanza, na yeyote anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu aache papo hapo na atafute matibabu.