Riwaya ya Kiswahili: uanzie wapi?

Mtu mzima aliyemaliza shule zamani na sasa anataka kurudi kwenye riwaya za Kiswahili hupokea ushauri wa aina mbili. Wa kwanza ni aanze na Shaaban Robert kwa kuwa ndiye mkubwa wao. Wa pili ni aanze na kitabu chembamba asije akachoka. Ushauri wote huu huwakwamisha wengi. Hadhi ya mwandishi haisemi chochote kuhusu haja ya msomaji, na wembamba wa kitabu ni kipimo cha karatasi tu.

Mfano mzuri wa mtego huo ni Euphrase Kezilahabi. Anayeokota kitabu chake kwa kuangalia unene ataangukia Nagona, riwaya ya mwaka 1990 inayoweza kumalizwa kwa siku moja. Lakini ndani yake hakuna kijiji kinachotajwa kwa jina wala kisa kinachokwenda kutoka mwanzo hadi mwisho. Kuna msafiri, kuna mafumbo, na kuna wanafalsafa wa kale wanaojitokeza bila kubisha hodi. Msomaji mgeni hufika ukurasa wa kumi akidhani Kiswahili chake kimepungua, kumbe ameingilia mlango wa mwisho wa nyumba. Kabla ya hapo Kezilahabi alikuwa ameandika Rosa Mistika mwaka 1971, kisa cha binti wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, na yaliyompata alipotoka mikononi mwa baba huyo. Kisha akaandika Kichwamaji mwaka 1974, ambamo kijana msomi, Kazimoto, anashindwa kupata maana ya maisha yake. Anayevisoma vitabu hivi kwa mpangilio huu huliona swali la maana ya maisha likikua kutoka kitabu hadi kitabu, na akifika kwenye Nagona huwa anajua mwandishi anatafuta nini, hata pale asipoelewa kila fumbo.

Kwa hiyo swali la kwanza si kitabu kipi ni bora. Jiulize unataka kitabu kikufanyie nini.

Kama hujamaliza kitabu chochote kwa muda mrefu, unachohitaji ni kisa kitakachokulazimisha kufunua ukurasa unaofuata. Hapo mlango ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka mwaka 1960. Bwana Ali anakutwa amekufa mzimuni, na Bwana Msa, mpelelezi mvuta kiko, anaanza kuuliza maswali ambayo wengine hawakuyaona. Kina lahaja kidogo ya Unguja, lakini hamu ya kumjua muuaji hukuvusha. Anayependelea safari kuliko mauaji achukue Siku Njema ya Ken Walibora, ya mwaka 1996, ambamo Kongowea Mswahili anaondoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake.

Kama haja yako ni kunoa lugha, hapo ndipo Shaaban Robert anapostahili kutangulia. Anza na Kusadikika, kilichochapishwa mwaka 1951. Karama ameshtakiwa kwa kufundisha elimu ya sheria, na anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe waliotumwa kutafuta maarifa ng'ambo, wakarudi, wakafungwa. Usitafute humo watu wenye tabia ngumu kama za jirani yako, maana hata majina yao yamebeba sifa zao. Kisome polepole, kwa sauti ikibidi, ukiangalia jinsi sentensi zinavyopangwa.

Haja ya tatu ndiyo inayohitaji kupangwa kwa uangalifu zaidi: msomaji anayetaka kuielewa Zanzibar ya karne ya 20 kupitia maisha ya watu wa kawaida. Mwandishi wake ni Adam Shafi, na tatizo ni kwamba vitabu vyake havikutoka kwa mfuatano wa matukio anayoyasimulia. Kasri ya Mwinyi Fuad kilitangulia, mwaka 1978, nacho kinaishia kwenye Mapinduzi ya 1964 na mabadiliko yaliyofuata. Anayekianza hicho huyaona Mapinduzi kabla hajajua hasira ilivyojengeka.

Afadhali aanze na Kuli, kilichotoka mwaka 1979. Kinarudi nyuma hadi bandarini, kwa wabeba mizigo na mgomo wao wa mwaka 1948. Rashidi, kijana wa kuli, anajifunza kidogo kidogo kwa nini jasho jingi linaleta mshahara mdogo. Kisa kimenyooka, na kinampa msomaji msingi anaouhitaji: nani alifanya kazi, nani alilipa, na nani aliogopa kusema.

Kisha afuate Vuta n'Kuvute, cha mwaka 1999, kinachoingia kwenye miaka ya kudai uhuru. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mzee wa kumzidi umri mara kadhaa, anamkimbia mumewe na kuhamia kwa shoga yake Mwajuma. Huko anampenda Denge, anayesakwa na askari wa Mwingereza kwa siasa zake. Siasa hapa haziko kwenye hotuba pekee. Ziko pia katika swali la nani anaruhusiwa kumpenda nani. Aliyeona filamu ya Amil Shivji ya mwaka 2021 asidhani amekimaliza kitabu, kwa sababu riwaya ina nafasi pana zaidi ya mitaa na watu wake.

Baada ya hapo Kasri ya Mwinyi Fuad husomeka vizuri zaidi. Ndani yake yumo Kijakazi, mtumishi mzee anayemtumikia bwana wake kwa mapenzi ambayo hata matusi na mateso hayayavunji. Msomaji aliyetoka bandarini kwa Rashidi hatamwona Kijakazi kuwa mjinga. Ataona kwamba wapo waliogoma na wapo walioamini kuwa mambo ndivyo yalivyo, na kwamba wote walizaliwa katika kisiwa kimoja.

Haini, cha mwaka 2003, kibaki mwisho. Kinahusu watu waliotiwa ndani baada ya kiongozi kuuawa, na nyuma yake kuna kuuawa kwa Rais Karume Aprili 1972, tukio ambalo Adam Shafi mwenyewe aliwekwa kizuizini baada yake. Ni kitabu kizito, chenye mahojiano na mateso, na uchungu wake unatokana na kujua matumaini yaliyotangulia. Aliyeanza nacho huona gereza tu. Aliyepitia vile vitatu vya kwanza huona pia kilichopotea.

Utajuaje kuwa umechagua vibaya? Soma kurasa 20. Kama kinachokuzuia ni maneno machache ya Kiunguja, endelea, kwa kuwa mengi hujieleza yanapojirudia, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu itakusaidia kwa sehemu ya yaliyobaki. Lakini ukiwa unaelewa kila neno na bado hujui nani anafanya nini wala kwa nini, tatizo si msamiati. Kiweke kando, urudi kwenye kitabu cha awali cha mwandishi huyohuyo.

Tahadhari moja ya dukani: riwaya nyingi kati ya hizi zimewahi kusomeshwa mashuleni, hivyo kando yake huuzwa miongozo ya mitihani yenye jina lilelile kwa herufi kubwa jaladani. Fungua ndani kabla ya kulipa. Ukikuta vichwa kama "dhamira" na "wahusika", hiyo si riwaya, na mwisho wa kisa umeshaelezwa katika kurasa za mwanzo.