Semina ipangwe kwa hoja, si kwa majina

Chukua mgogoro wa ushairi wa Kiswahili. Mwanafunzi akianza na Amri Abedi (1954), kisha Mulokozi na Kahigi (1979), halafu Shariff (1988), wasikilizaji hawatajua nani anampinga nani. Kwanza achore jedwali: waandishi kwenye safu mlalo, maswali kwenye safu wima. Je, vina na mizani ni lazima? Chimbuko la ushairi huu ni lipi? Kisha asome swali moja kutoka juu hadi chini. Hapo Abedi na Shariff wanakutana upande mmoja, ingawa miaka 34 inawatenganisha. Mulokozi na Kahigi wako upande wa pili. Mwandishi akitajwa chini ya maswali mawili, si kosa. Kama slaidi zako bado zina majina ya watu kwa vichwa, zipange upya.