Nguo Kumi na Mbili za Binti Yetu wa Kaptembwo

Mwezi wa Julai uliopita tulimzuru binti wa ndugu yetu huko Kaptembwo, mtaa wenye watu wengi upande wa magharibi wa mji wa Nakuru. Yeye ni mzaliwa wa Mombasa, aliyemfuata mumewe bara, na sasa anafanya kazi ya ukeshia katika duka la vitabu mjini, siku sita kwa juma. Baada ya chai alitwambia jambo ambalo bila shaka akina mama wengi wamelisema: "Ami, nguo nnazo sanduku tele, lakini kila asubuhi sina la kuvaa."

Tulimwomba azitoe zote na kuzitandaza juu ya mkeka barazani, mchana, jua likiwa juu. Zilikuwa sketi tano, suruali moja, blauzi ndefu tisa, mitandio kumi na mmoja na masweta matatu. Kisha tukamtaka achukue kila nguo peke yake na kuhesabu wenziwe, yaani ni nguo ngapi nyingine zinazoweza kuvaliwa nayo pasipo kugombana. Hapo ndipo siri ilipofichuka. Sketi tatu zilikuwa za maua, kila moja na maua yake, na kila moja ilikuwa na blauzi moja tu ya kuifaa. Blauzi ya manjano haikuwa na mwenziwe hata mmoja. Nguo ishirini na tisa zilikuwapo, na mavazi kamili ya kwendea kazini hayakuzidi saba.

Anayeijua leso hahitaji kufunzwa kanuni ya jambo hili. Leso ina pindo, ina mji, na rangi zake huwa chache, mara nyingi mbili au tatu. Kwa kuwa ni chache, na zimerudiwa pindoni na katikati, jicho hutulia. Nasi tukamwambia binti yetu alifanye sanduku lake liwe kama leso: rangi mbili za kubeba, moja au mbili za kuangaza, na moja ya kupamba.

Rangi za kubeba ni zile za sketi, suruali na sweta. Yeye alitaka nyeusi, kwa mazoea ya buibui la pwani. Tulimzuia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni vumbi la Kaptembwo. Ni vumbi jepesi lenye weupe, nalo huonekana kwenye pindo jeusi kabla mtu hajafika kituo cha matatu. Ya pili ni kwamba nyeusi hazizeeki pamoja: moja hupauka ikaelekea kahawia, nyingine ikaelekea kijani, na zikivaliwa pamoja zote mbili huonekana kuukuu. Katika nguo alizokuwa nazo zilizosalia imara ni sketi ya buluu iliyokoza na sketi ya kijivu. Basi buluu na kijivu zikawa za kubeba, bila kununua kitu. Za kuangaza zikawa nyeupe na samawati, na ya kupamba ikawa damu ya mzee.

Orodha iliyobaki ilikuwa hii. Chini: sketi ya buluu, sketi ya kijivu, na suruali pana ya kijivu kizito ya kuvaliwa na blauzi inayofika magotini. Juu: blauzi nyeupe, ya samawati, ya damu ya mzee, na moja ya maua madogo yenye buluu, nyeupe na damu ya mzee. Hiyo ndiyo nguo ya maua pekee, na ilikubaliwa kwa kuwa rangi zake zote zimo katika orodha. Mitandio minne, yote mitupu: buluu, kijivu, samawati na damu ya mzee. Juu ya yote sweta moja la kijivu chepesi, kwani asubuhi za Julai katika mji ulio mita 1,850 hivi juu ya bahari hazina huruma. Jumla ni nguo kumi na mbili. Viatu na mkoba vikawa vya kahawia iliyokoza.

Sasa tuhesabu. Blauzi nne kwa nguo tatu za chini ni mavazi kumi na mawili, na kila vazi kwa mitandio minne ni arubaini na manane. Lakini si yote yanayofaa. Mtandio wa samawati juu ya blauzi ya samawati ya kitambaa kingine huonyesha tofauti ndogo, na tofauti ndogo ndiyo inayoudhi jicho, kwani hufanana na kosa. Rangi moja ikikutana na nduguye, ama ziwe kitambaa kimoja, ama zitofautiane waziwazi, kama sweta la kijivu chepesi juu ya suruali ya kijivu kizito. Kwa sababu hiyo tuliondoa mavazi matatu ya samawati kwa samawati, na matatu ya damu ya mzee kwa damu ya mzee. Yakabaki arubaini na mawili.

Kila nguo ilipita pia katika mtihani wa sitara. Aliingiza mkono ndani ya kitambaa na kukiinua juani. Vidole vikionekana, nguo haiendi kazini peke yake. Blauzi nyeupe ilishindwa, ikashonewa bitana na fundi wa jirani.

Majuma mawili baadaye alitupigia simu kwa masikitiko. Alikuwa amenunua mitumbani sketi ya damu ya mzee, na alipofika nyumbani akaiona ni zambarau. Kibanda kilikuwa kimefunikwa turubali la rangi, na mwanga unaopita humo hubadilisha kila rangi. Tulimshauri akate kipande kidogo cha ziada ndani ya mshono wa kila nguo ya kubeba na ya kupamba, avitie katika kijaluba mkobani, na kabla ya kulipa atoke na nguo juani avilinganishe. Tangu hapo hajakosea.

Mambo mawili zaidi yamemfunza uzoefu. Damu ya mzee huchuja. Kabla ya kuifua mara ya kwanza, hukandamiza kitambaa cheupe kilicholowa upande wa ndani. Kikipata wekundu, nguo hiyo hufuliwa peke yake. Na vumbi la pindoni hulipiga brashi likiwa kavu, kwani ukilitia maji huwa tope linaloingia ndani ya nyuzi.

Mpango huu una mpaka wake. Katika miezi ya baridi na mvua blauzi huchukua hata siku mbili kukauka, hivyo mwenye blauzi pungufu ya nne atajikuta Alhamisi hana kavu. Na nguo chache hufuliwa mara nyingi, basi huchakaa upesi. Iliyochakaa na ibadilishwe kwa rangi ile ile. Anayevaa buibui kutwa kazini hesabu yake ni fupi zaidi: mtandio, sweta, viatu na mkoba, maana hivyo ndivyo vinavyoonekana.

Nguo kumi na saba zilizotoka sandukuni hazikutupwa. Sketi za maua amezifanya za nyumbani, na nyingine amewapa jirani zake. Blauzi ya manjano ilichukuliwa na wifi yake, ambaye sandukuni mwake ilikuta wenzi wanne.